Kisasi cha Mama Vidonge

Shangazi yangu ni muuguzi wa zahanati ya kiwanda cha mbao. Msimamizi ndiye aliyembandika jina la Mama Vidonge, nasi wafanyakazi tukacheka mwaka mzima. Shangazi akaweka kinyongo moyoni.

Juzi msimamizi aliingiza mkono chini ya rundo la mbao, akaja zahanati anatweta.

"Buibui tu, Mama Vidonge. Nipake dawa nirudi."

Shangazi akautazama mkono. Mdudu huacha kivimbe kinachowasha, na buibui mara nyingi alama ndogo inayovimba polepole. Hapa palikuwa na matundu mawili yanayovuja damu, na uvimbe ulishapita kifundo cha mkono.

"Nyoka huyo. Lala!"

Msimamizi akavua mkanda aufunge mkono. Shangazi akampokonya.

"Hufungi, huchanji, hunyonyi!"

Akamvua saa, kisha pete aliyozoea kuigonga mezani akitufokea. Akautuliza mkono kwa kipande cha ubao na bendeji, akaita gari la hospitali.

"Mama Vidonge, nitakufa?"

"Ukihangaika, sumu itakimbia mwilini. Tulia, na mdomo wako pia."

Tukampitisha karakana nzima kwa machela, kimya kama gogo. Mlangoni Shangazi akamwinamia.

"Naitwa nani?"

"Sista," akanong'ona.