Wanne Waliorudishwa

Egidi Ndunguru, fundi wa maabara, alikuwa mtu wa friji. Katika hospitali ya misheni kule ukanda wa ziwa, hakuna aliyeujua mlango wa friji la damu kama yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kuufungua bila yeye. Alikuwa na sheria moja, ya zamani kwanza: mfuko uliokaribia kuharibika ndio utangulie kutoka. Wauguzi walimtania kwamba hata nyumbani kwake hula viporo kwa tarehe.

Mwaka 1992 mkewe, Dorothy, alibanduka kondo la nyuma kabla ya wakati. Mtoto alikwisha kufa tumboni, na mama akawa anavuja damu bila kukoma. Egidi akatoa mfuko wa kwanza, wa zamani, na wa pili, hadi wa sita. Kaka wa Dorothy, Valentino, akafika kutoka Mapera na wenzake watatu wa kujitolea damu. Egidi aliwatoboa vidole, akatazama makundi yao, na wote wakalingana na mgonjwa. Kisha akawaambia, "Nendeni nyumbani jamani. Haihitajiki, friji limejaa."

Saa moja kabla hajafa, wingi wa damu ya Dorothy ulikuwa tisa. Egidi aliipima mwenyewe. Lakini iliyomwagika kwenye beseni ilikaa majimaji, na pale palipochomwa sindano pakaendelea kutiririka. Akafa na damu ya kutosha mwilini. Mama mkwe, Bibi Lusia, alimshika mikono makaburini akisema, "Ulimpa yote, mwanangu." Neno hilo ndilo Egidi aliloliegemea miaka sita. Hakulia. Alikula, akapima malaria, akalala.

Mwaka 1998 akapelekwa Dar kuongeza elimu. Mwalimu, mama mmoja mkali anayeitwa Winifrida, aliweka chupa tatu tupu mezani. Hii, alisema, ni chembe nyekundu, za kubeba hewa. Mpe aliyepauka, aliyepungukiwa damu. Hii ni ya chembe sahani, zinazoziba tundu. Mpe anayevuja kwa sababu zimepungua au hazifanyi kazi. Na hii ni plazma, maji ya damu, inayogandishwa kwa baridi mapema ikiwa bado mbichi. Mpe ambaye viini vyake vya kugandisha damu vimekwisha.

"Sasa mama kondo limebanduka," akauliza. "Mmempa damu ya friji, wingi umefika tisa, bado anavuja, na damu haigandi. Anakosa nini?"

Egidi akajikuta amesimama. "Anakosa vigandishi. Friji huua chembe sahani kwa siku chache tu, na viini vingine hupungua. Kumwongezea ya friji ni kumwongezea wekundu tu."

"Na wewe uko bush, huna plazma wala chembe sahani?"

"Ningetoa damu kwa mtu mwenye afya, wa kundi lake, nikaipima virusi, nikamtundikia ingali ya moto. Ile ina vyote vitatu."

"Safi kabisa! Mpigieni makofi." Wakampigia. Egidi akakaa. Alitazama kalamu yake, akaona imeandikwa jina la kampuni ya mbolea, akalisoma mara nyingi.

Likizo ilipofika hakwenda kwake. Alipanda hadi Mapera, akamkuta Bibi Lusia akianika kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisema bila kukaa, maana angekaa asingesema. Alimwambia kwamba damu aliyompa Dorothy haikuwa ile iliyotakiwa, kwamba iliyotakiwa ilikuwa kwa wale wanne, na yeye ndiye aliyewarudisha. "Sijui kama angepona, mama. Huenda. Sikujaribu."

Bibi Lusia aliendelea kusawazisha kahawa kwa kiganja, mpaka jamvi lote likawa sawa. Egidi alingoja matusi. Angeyapokea vizuri.

"Kwa hiyo mlihitaji damu yao," alisema mwishowe.

"Ndiyo mama."

"Na haikuwa na ubaya?"

"Ubaya gani? Ilikuwa kundi moja na la Dorothy. Ilikuwa nzuri."

Bibi akaketi chini kwa uzito, palepale juu ya kahawa. "Valentino alirudi siku ile akaniambia: shemeji amenitoboa kidole, ameitazama damu yangu, akanifukuza, ati friji limejaa, bila kuniambia damu yangu ikoje. Akajua ana ule ugonjwa. Alikataa kuoa. Miaka sita anajipikia, kikombe chake anakificha nisinywee." Akainua uso. "Yuko shambani, upande ule wa migomba. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe."

Egidi akatazama upande ule. Jembe lilikuwa linasikika. Mguu wake wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukaufuata, na hakuhisi wowote kati ya hiyo miwili ukigusa ardhi.