Kilichokuwa Kikifukua Kaburi la Januari

Mume wangu Wenseslaus ni mfuga nyuki, na kwa ubishi hana mwenzake hapa Masama. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, najua ninachosema. Nyegere wamemvunjia mizinga mingi mpaka anawajua kama mtu anavyomjua ndugu anayegombea naye shamba. Ukimwambia umeona mnyama gizani, hakuulizi alikimbilia wapi. Anauliza, "Mkia ulikuwaje?" Mwaka jana Eliaichi, mwenye bwawa la perege kule bondeni, alikuja analalamika nyegere anammalizia samaki. Mkia ulikuwaje? Mrefu, mnene shinani, unachongoka mwishoni. Na mwili? Kahawia mtupu, ila koo jeupe. "Fisi maji huyo. Kazungushie wavu," akasema, akarudi kwenye chakula chake bila hata kumkaribisha mgeni. Nilimsema usiku kucha.

Basi Januari, mtoto wa kaka yake Wenseslaus, alipokufa kwa ajali ya bodaboda mwezi wa saba, tulimzika kihambani kwao, shamba la ukoo, katikati ya migomba, kama tunavyozika watu wetu wote. Siku ya tatu kaburi likakutwa na vishimo. Siku ya nne, vingine. Maneno yakaanza. Jirani alikuwa ameona kitu chenye mgongo mweupe kinaelea juu ya udongo, miguu hakina. Nyegere, wakasema, anamtafuta maiti. Wengine wakanong'ona kwamba katumwa. Mama yake Januari, Agness, aliyasikia yote hayo akiwa chumbani, amelala ameelekea ukutani.

Primus, kaka wa marehemu, akaja kwetu na mkuki wa babu yake.

"Shikamoo baba mdogo. Leo nakiua. Kiwe mnyama, kiwe jini, hakitamfukua mdogo wangu."

"Marahaba. Ngoja kwanza nione."

Wenseslaus aliinama juu ya kaburi, akanusa. Vishimo vilikuwa vidogo, vya kuingia vidole viwili, na palinuka uvundo wa mnyama. "Kicheche," akasema. "Mmetifua udongo wenye samadi, anafuata funza. Nyegere angeacha shimo la kuingia ndoo. Huyu hana shida na Januari."

Primus hakuamini. Yule jirani alisema mgongo wote mweupe, sasa kicheche katoka wapi? Nami niliona wazi kwamba kijana ana hasira na kifo chenyewe, ila kifo hakichomwi mkuki. Wakakubaliana kulivizia kaburi jioni ile, nami nikaenda nao kwa sababu hiyo.

Tulikaa nyuma ya masale, ile mimea tunayopanda mipakani, hatua kumi kutoka kaburini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migomba ya mbali ikapotea. Tochi hatukuiwasha, maana kwenye ukungu mwanga unakurudia machoni. Kimya kilikuwa kile cha kusikia matone yakianguka kwenye majani. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Giza lilipoanza kuingia, kitu kikatoka. Kidogo, cheusi, mistari minne myeupe toka kisogoni hadi kiunoni, mkia mweupe wenye manyoya umesimama. Kikachimba kidogo, kikatafuna, kikaondoka zake.

"Umeona?" Wenseslaus akanong'ona. "Kicheche. Twende nyumbani."

Hatujainuka, kikaja kingine. Ee Ruwa, Mungu wangu! Kikubwa, cheupe, kimeinama chini kabisa, kinatambaa kuelekea kaburini. Miguu hakina. Kikafika, kikaanza kukwangua udongo. Nilisikia kucha zikigusa mawe.

"Nyegere," Primus akasema, akainua mkuki.

"Subiri!"

"Mgongo mweupe, baba mdogo!"

"Nyegere weupe wake unaishia ubavuni, chini ni mweusi. Huyu ni mweupe mpaka ardhini. Na mkia uko wapi? Nyegere akitembea ana kimkia kifupi, kinasimama. Primus, hana mkia!"

Mkono wa Primus ulikuwa umeshakwenda nyuma. Wenseslaus, mzee mwenye goti bovu, alijitupa juu ya mkono ule wakaanguka wote kwenye masale. Mkuki ukachoma mgomba. Nikawasha tochi nikakimbia mbele, nikimulika chini miguuni.

Alikuwa Agness. Amejifunika shuka jeupe la kitanda gubigubi, amepiga magoti, anavifukia vile vishimo kwa viganja, kimoja kimoja. Hakutuangalia.

"Lala, baba," alikuwa akiliambia kaburi. "Baridi haitaingia. Mama amefunika."

Primus alikuja akijikokota, akasimama nyuma yake. Kisha akapiga magoti upande wa pili, akaanza kushindilia udongo pamoja naye.