Wifi Kwenye Kitanda cha Ultrasaundi

Wagonjwa walimwita Mama Maji, na jina hilo alilipata kihalali. Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine, alichungulia benchi la korido na kuuliza: "Nani amekunywa maji kweli, na nani anajidanganya?" Waliokuja kupigwa picha ya nyonga walitakiwa kibofu kiwe kimejaa, maana kikijaa husukuma utumbo pembeni na kizazi kikaonekana vizuri. Basi benchi lake lilikuwa la watu waliobana miguu, wakiutazama mlango kwa macho ya kuomba huruma. Akiona mmoja kazidiwa, alimpitisha mbele, na wenzake hawakununa. Kila mmoja alijua zamu yake ya kuteseka iko njiani.

Alikuwa mama wa hamsini na kitu, mfupi, mwenye viganja vya joto. Chupa ya jeli aliilaza kwanza kwenye bakuli la maji moto, kwa sababu jeli ya baridi humfanya mtu akaze tumbo. Na alipokuwa akipitisha kifaa juu ya tumbo la mtu, mdomo haukufunga. Angesimulia mvua iliyomlowesha, jirani aliyenunua jogoo asiyewika, mume wake na redio yake mbovu. Mgonjwa anakuja kushtuka, picha zimekwisha.

Siku moja aliingia msichana msusi, mkononi ana karatasi ya kliniki nyingine iliyosema ana sisti changamano kwenye ovari ya kulia. Alikuwa amelia njia nzima.

"Mama, hii changamano ndiyo saratani?"

"Lala kwanza, mwanangu. Sisti ni kifuko, basi. Kikiwa na ukuta mwembamba na maji matupu ndani, kwenye picha kinaonekana cheusi tii, tunakiita sahili. Kikiwa na kitu kingine humo, labda damu, labda kuta za kukigawa vyumba, labda nyama ngumu, tunakiita changamano. Ni neno la kueleza tunachokiona. Jina la ugonjwa bado."

Akamgeuzia skrini. Ndani ya kile kifuko kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizopishana kama utando wa buibui. Akawasha rangi za kuonyesha mwendo wa damu. Zilizunguka ukutani, ndani hazikuingia.

"Hivi mara nyingi huwa ni damu iliyovuja yai lilipotoka. Huganda, kisha mwili huifyonza wenyewe. Daktari wa picha ndiye atakayesema, ila usishangae akikuita tena baada ya wiki sita au nane."

Msichana alirudi kama alivyoambiwa. Ovari ilikuwa safi, akamkumbatia Mama Maji mpaka jeli ikawapaka wote wawili.

Sasa, huyu Mama Maji alikuwa na wifi mmoja tu, dada mkubwa wa mumewe. Wifi alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mwaka wa kwanza wa ndoa hawakupikika chungu kimoja. Wifi aliona kaka yake kaoa mtu mfupi, na hakulificha. Lakini Mama Maji alipojifungua kwa shida, wifi ndiye aliyehamia kwake, akafua, akabeba mtoto, akamfokea kila mgeni aliyekaa sana. Tangu hapo walitaniana kwa maneno makali, na ole wake mtu wa tatu ambaye angethubutu kumsema mmoja wao mbele ya mwenzake.

Wifi alikuwa na fibroidi ya siku nyingi, uvimbe kwenye ukuta wa kizazi, uliokuwa umefikia ukubwa wa chungwa. Enzi za ujana wake ulimtesa kwa hedhi nzito. Hedhi ilipokatika, ukatulia, naye akauzoea hata akaupa jina: mpangaji.

Jumapili moja alikuja kwa kaka yake na gauni la Mama Maji alilolipunguza urefu. Wakiwa jikoni wanachambua mchele, akasema huku anacheka, "Mpangaji wangu kaanza fujo tena, wifi. Ananitia madoa kwenye nguo kama msichana wa shule."

Mama Maji aliuweka ungo chini. "Madoa ya nini?"

"Damu kidogo tu. Inakuja, inapotea. Usinikazie macho."

"Wifi, wewe hedhi ilikatika zamani."

"Ndiyo maana nasema ni mpangaji."

"Mpangaji gani? Fibroidi hula homoni, nawe homoni zimekwisha. Umri huu inatakiwa isinyae. Mwanamke aliyekwisha kukatika akiona damu, hata tone, anachunguzwa. Kesho unakuja."

"Kesho nina nguo za harusi."

"Bibi harusi atavaa shuka. Unakuja."

Mama Maji alitaka mwenzake wa chumba cha pili ndiye amfanyie, maana si vizuri mtu kumpima ndugu yake. Wifi akagoma mlangoni. Mwenzake alikuwa kijana wa kiume, na wifi alisema hamvulii nguo mtu mwenye umri wa wanawe. Ikabidi daktari wa picha aombwe, akakubali: Mama Maji apige, yeye asome picha zote na kutia saini.

"Nimekunywa maji mpaka nasikia mawimbi," wifi alisema akipanda kitandani. "Msalimie mpangaji."

Mama Maji alianza kusimulia kisa cha jogoo wa jirani, kifaa kikitembea juu ya kibofu. Fibroidi akaiona upesi. Ilikuwa imenywea, sasa haizidi limau, ukingo wake umekuwa mweupe na mgumu kwa chokaa inayojijenga mwilini, na nyuma yake kivuli cheusi kimeanguka. Ni sura ya uvimbe uliozeeka. Kwenye ovari ya kushoto kulikuwa na sisti ndogo, nyeusi tii, ukuta mwembamba.

"Hiyo nyeusi nini?" wifi aliuliza, shingo kainyoosha. "Nimepata na sisti? Mungu wangu, sisti."

"Ni sahili, na ni ndogo. Hiyo isikunyime usingizi."

Shida ilikuwa kivuli. Kile kivuli cha chokaa kiliangukia katikati ya kizazi, pale alipotaka kuona utando wa ndani. Akamwambia wifi aende chooni akamwage maji yote, kisha watatumia kifaa cha ndani, kile chembamba kinachopita ukeni. Wifi alitoka mbio akirudisha shukrani kwa Mola. Aliporudi na kukiona kifaa kikivishwa kondomu na kupakwa jeli, akasema, "Wifi yangu, tumefika mbali wewe na mimi," na hata Mama Maji alicheka.

Kisha utando ukatokea. Kwa mwanamke aliyekatika hedhi unatakiwa uwe kama mstari mwembamba tu. Huu ulikuwa mnene, mweupe, wenye vitobo vidogovidogo. Akatafuta mahali penye unene kuliko kwingine, akaweka alama ukingo hadi ukingo. Milimita kumi na nne. Akafuta, akapima upya. Kumi na nne. Mwenye kutoka damu akiwa na nne au chini ya hapo, madaktari hupumua. Ukizidi, lazima kipande kichukuliwe kikachunguzwe.

Kisa cha jogoo kiliishia katikati.

"Umenyamaza," wifi alisema.

"Napima."

"Nakujua wewe. Hata kwenye msiba huwa huwezi kunyamaza. Sema."

Kwa mgonjwa mwingine angesema daktari atakueleza. Alivua glavu, akamfunika wifi shuka, akakaa pembeni ya kitanda. "Mpangaji hana kosa. Amezeeka, amelala. Ila utando wa ndani ya kizazi ni mnene kuliko inavyotakiwa, na damu inaweza kuwa inatoka huko. Unene peke yake hausemi ni kitu gani. Inaweza kuwa kinyama kidogo kisicho na madhara, inaweza kuwa utando umekua kupita kiasi, inaweza kuwa kitu kibaya. Picha haiwezi kutofautisha. Daktari wa wanawake achukue kipande."

Wifi alitazama dari. "Si waniondolee fibroidi, yaishe?"

"Utaondoa kilichokaa kimya, uache kinachotoa damu?"

Wifi akashika kidole cha Mama Maji, kimoja tu, kama mtoto anayevuka barabara. "Usimwambie kaka yangu mpaka tujue."

"Atanisoma usoni."

"Basi uvae miwani."

Daktari wa wanawake alichukua kipande kwa mrija mwembamba, kazi ya dakika chache. Wifi alisema maumivu yalikuwa kama ya hedhi ya zamani, akatukana kidogo, akaomba radhi. Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Mama Maji aliunguza wali, akamwaga chumvi kwenye chai. Mumewe alimtazama kwa muda, mwisho akazima redio yake. "Dada yangu ana nini?" Akaambiwa. Alichukua koti, akaenda kwa dada yake, akarudi baadaye sana macho mekundu.

Majibu yalisema chembe za utando zimeongezeka na baadhi zimeanza kubadilika sura. Daktari akaeleza kwa upole: saratani haijaonekana, ila njia inaelekea huko, na wakati mwingine saratani hujificha karibu. Kwa umri wake kilicho salama ni kutoa kizazi chote, pamoja na ovari.

"Na mpangaji anaondoka humo humo?" wifi aliuliza.

Daktari hakuelewa. Mama Maji akamfafanulia, na kwa mara ya kwanza siku ile daktari akacheka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kizazi kilipelekwa maabara, kikakatwa na kutazamwa chote, na saratani haikukutwa mahali popote. Daktari alipowapa habari hiyo, wifi aliitikia "Ahsante" kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Mama Maji ndiye aliyelia, akaegemea ukuta wa wodi, na wifi kutoka kitandani akamwambia ajipanguse, watu watadhani amefiwa.

Mama Maji na mumewe walimpeleka nyumbani kwao apone. Alikatazwa kunyanyua kitu kizito na kukanyaga cherehani. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Kaka yake akaileta cherehani sebuleni, akatangaza kwamba atamalizia mto uliobaki nusu, dada amwelekeze tu. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, na aliikanyaga cherehani kama anapandisha mlima. Uzi ulikatika, kitambaa kikajikunja, na alipojaribu kurudi nyuma akashona mkono wa shati lake mwenyewe kwenye mto.

"Kaka, acha," wifi alisema, kakumbatia mto mwingine juu ya tumbo, machozi yanamtiririka. "Acha, nakuomba, mshono unauma nikicheka."

Mama Maji alikuwa akitoka jikoni na uji. Aliwaangalia wote wawili, akaweka bakuli mezani, akaenda kutafuta mkasi.