Njaa ya Saa Kumi

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa surua akiwa na miezi tisa. Tulikaa Kadutu, mimi na mume wangu, karani katika ofisi moja ya Wazungu pale Bukavu. Mimi nilikuwa monitrisi, yaani mwalimu, katika foyer, ile nyumba ambamo wake za makarani walifundishwa kushona, kupika gato, zile keki za Kizungu, na kutandika meza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kabla hajafa, binti wa jirani alimleta kila siku saa kumi kwenye mlango wa nyuma wa foyer. Nilikaa juu ya gunia la unga ndani ya depo ya vyakula, nikamnyonyesha, kisha binti akambeba tena mgongoni na kurudi naye nyumbani. Baada ya maziko walinipa majuma mawili ya kupumzika. Niliporudi kazini maziwa yalikuwa yamekauka, lakini kila saa kumi ilipofika nilihisi kifua kinanivuta. Miguu ilinipeleka depo yenyewe. Siku ya kwanza nilisimama tu. Siku ya pili nilikata kipande cha mkate nikakipaka konfitiri, ile jamu ya matunda, nikala, na kwa muda wa kile kipande sikumfikiria mtoto.

Ndivyo ilivyoanza. Kipande kimoja kikawa nusu ya mkate. Nilikula nikiwa nimesimama, haraka, nikiegemea mlango kwa mgongo ili mtu asiingie. Nilichota sukari kwa kiganja. Utamu niliusikia mara mbili tatu za kwanza, baada ya hapo sikusikia kitu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe mpaka tumbo liume. Kisha nilipangusa mdomo kwa kitenge na kwenda kuwaonyesha wanawake namna ya kukunja leso za mezani. Jioni nilimpakulia mume wangu bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikasema nilikula kazini. Sikusema uongo.

Aibu ilinifanya nijipe adhabu. Asubuhi nilikunywa chai bila sukari, sikugusa kitu mpaka jioni. Nilijipigia marufuku mkate, mandazi, viazi vitamu, konfitiri. Wakati huo gauni langu la kazi lilikuwa limeanza kunibana, na Madamu, yule mama wa Kibelgiji aliyeongoza foyer, alikuwa ameniambia mbele ya wengine kwamba monitrisi lazima awe mfano. Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akasema ulafi ni dhambi, nifunge Jumatano na Ijumaa. Kwaresima ilikuwa imefika. Mimi nikaongeza siku zangu, nikafunga karibu juma zima.

Siku mbili au tatu niliweza, hata nikajisikia safi. Lakini kichwani hamkuwa na sala, mlikuwa na mkate. Nilipofundisha kupaka siagi nilihesabu vipande vilivyobaki. Siku ya nne saa kumi iliponikuta na tumbo tupu, nilikula kuliko mara zote. Kesho yake nikafunga kwa ukali zaidi. Miezi ilipita hivyo, na sikuona kwamba kufunga ndiko kulikonirudisha kwenye depo kila mara. Niliona tu kwamba mimi ni mtu mbaya.

Kisha ikafika sikukuu ya foyer, ambapo wakubwa na wake zao wangekuja kuona kazi ya wanafunzi. Mpishi wetu, mjane mmoja wa Nyangezi ambaye sote tulimwita Maman, alioka gato tatu siku iliyotangulia, akazifunika kwa vitambaa depo, akaenda kuosha sufuria. Mimi sikuwa nimekula tangu jana mchana, ili gauni jipya la sikukuu linienee. Saa kumi Madamu alinituma depo kuleta vitambaa vya meza.

Sikumbuki vizuri nilivyoanza. Nakumbuka nilipozinduka gato moja ilikuwa imekwisha na ya pili nimeibomoa katikati kwa vidole. Nilijipangusa, nikabeba vitambaa, nikatoka.

Madamu aliona muda mfupi baadaye. Ufunguo wa depo, iliyoachwa wazi mchana, alikuwa nao Maman, na Madamu hakuwaza kwamba monitrisi angeiba, kwa hiyo aliitwa Maman. Madamu alimwamuru amwage kikapo chake chini mbele yetu. Zilitoka kanga moja, rozari, na ndizi mbili. "Ni nani basi aliyekula?" Madamu aliuliza. Maman aliangalia mikono yangu, akaangalia chini, akasema, "Mie sijue, Madamu." Alifukuzwa saa ile ile. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na vitambaa vya meza kifuani, na sikufungua mdomo.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikwenda kwa Madamu nikasema ni mimi. Hakuniamini. Aliponiamini akawa mwekundu shingo nzima. Aliniondoa kazini mwezi mmoja, na akaandika barua ya kumwita Maman arudi. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilipanda lori la wachuuzi mpaka Nyangezi. Nilimkuta Maman nyuma ya nyumba yake, anachambua maharagwe. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, nikamsomea barua. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Sitarudi," akasema. "Ile kikapo yangu walimwanga chini sawa ya mwizi. Andikia Madamu vile."

"Maman, ni kosa yangu."

"Ni kosa yako. Ulipaswa kusema ile siku." Alitupa kando harage bovu. "Niliona masukari ku mikono yako. Na toka zamani nilikuwa naona makombo, kila juma. Nilikuwa nangojea wewe mwenyewe useme. Na mie nilikosea. Sasa simama, ukule."

Nilimwambia nimefunga, najiadhibu kwa niliyomtendea. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akaweka ungo chini.

"Bwana yangu alikuwa anatumika mu mine ya kuchimbua zahabu, kule Mwenga. Mie nilikuwa napikia kambi. Posho ya juma muzima walikuwa wanagawa siku ya Posho, njo Jumamosi. Kulikuwa wanaume wanamaliza yote siku mbili, kiisha wanakaa njaa siku tano. Posho ikifika tena, wanaivamia mpaka wanatapika. Watu walisema ni walafi. Haikuwa ulafi, mutoto yangu. Mwili ulikuwa unaogopa. Nilianza kuwapikia asubuhi, midi, na magaribi, kila siku, hata kidogo. Wakaacha kuvamia. Ila mwili haukuamini siku ya kwanza. Ulingoja uone kama chakula itarudi kesho." Akanisogezea sahani. "Weye unajifanyia njaa, kiisha unajiuliza sababu gani unavamia."

Nilikula maharagwe na ndizi za kupika, nimekaa chini, yeye akinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akauliza ni saa gani hunijia. Nikasema saa kumi. Akauliza saa kumi kulikuwa nini. Nilipomjibu nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia siku ya maziko, na yeye hakuninyamazisha.

Nilikaa kwake siku nne. Hakunipa dawa wala masharti magumu. Tulikula asubuhi uji, mchana chakula kizima, saa kumi ndizi au kiazi pamoja na maziwa, na magaribi tena. Kila asubuhi alipanga tutakachokula, lakini kama ndagala, wale samaki wadogo wakavu, hazikupatikana sokoni alipika kunde bila kununa, na jirani alipotuita kwake tulikula cha jirani, mpango ukasubiri. Siku ya tatu alileta mandazi kutoka sokoni, akaweka mawili mbele yangu. Nilisema hayo siwezi, nikianza sitaacha.

"Ile unajikataza njo inakuita," akasema. "Kula. Kula polepole, usikie tamu yake. Yakibakia, yatakuwa kesho."

Nilikula moja. La pili nililitaka, nikalila pia, na moyo ukaanza kunipiga, nikasema usiku sitakula.

"Utakula," akajibu. "Mandazi haiko zambi. Ukijifunga sasa, kesho utarudi mu depo."

Magaribi tulikula bugali. Nilipolala nilikuwa nimeshiba tu, kama watu wote.

Wakati wa kuagana alinishika mkono. "Ile saa ya mutoto, usikae peke yako. Njaa ya tumbo, ipe chakula. Hii ingine, itafutie mutu wa kuongea naye." Akaongeza, "Siku utaanguka, maana utaanguka, usilipe. Kesho yake kunywa uji yako sawa vile siku zote."

Niliporudi Kadutu nilimweleza mume wangu yote. Aliketi kwenye kiti chake cha mbao, shati la kazi bado limefungwa mpaka shingoni. Alikifungua kifungo cha juu.

"Nilikuona unanenepa," akasema. "Nikafikiri umemusahau. Nilikukasirikia juu ya ile."

Hatukuwa tumelitaja jina la mtoto tangu alipozikwa. Jioni ile tulilitaja. Baadaye, siku za Jumamosi ambapo ofisi yake ilifunga mapema, saa kumi alikaa nami uani tukala chochote kilichokuwapo. Siku nyingine nilikwenda kwa jirani. Mkate na konfitiri viliwekwa mezani, wazi. Juma la kwanza niliviangalia kila nilipopita. Baada ya miezi kadhaa mkate uliweza kukauka nikasahau kwamba upo.

Nilirudi foyer mwezi ulipokwisha; huko saa kumi nilikula ndizi yangu kati ya wanafunzi. Sikupona kwa siku moja. Msimu wa mvua uliofuata, juma lile lile alilokufa mtoto, nilikula sufuria nzima ya viazi nikiwa peke yangu, nikalia. Asubuhi nilikunywa uji. Ulikuwa uji mgumu kuliko wote niliowahi kumeza, lakini niliumeza, na saa kumi ya siku ile sikuvamia kitu.

Gauni langu lilibaki kubana. Nililifungua mishono pembeni, nikaongeza kitambaa.

Nilimtembelea Maman mara chache, si mara nyingi kama nilivyopaswa. Hakupata tena kazi mjini; habari ya kikapo ilikuwa imefika nyumba nyingine kabla ya ungamo langu, na habari ya pili haikutembea kwa haraka kama ya kwanza. Alilima, akauza maharagwe. Kikohozi kilimwondoa wakati wa kiangazi, miaka miwili baada ya ile sikukuu. Nilifika Nyangezi amekwisha kuzikwa. Dada yake alinipa nafasi kwenye mkeka kati ya wanawake, wakaleta bugali, nyama ya mbuzi na maziwa ya kuganda. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alisema hawezi kula kwa huzuni. Nilinawa mikono, nikamega, nikala polepole mpaka nikashiba, machozi yakinitiririka, na hakuna aliyeniuliza sababu.