Bomba Ndani ya Gunia

Tarehe 9 Februari, Jumatatu. Jua kali tangu saa mbili asubuhi, upepo hakuna.

Mkunga mstaafu alikuwa na bustani tatu katika ua usiozidi hatua kumi na mbili. Mchicha aliupanda ardhini, karibu na karo la kufulia. Masika ulizama majini, lakini kiangazi hiki ardhi ilishika unyevu kuliko kwingine. Tuta lililoinuliwa kwa mbao halikuzama, ila lilikauka upesi na kudai maji asubuhi na jioni. Ya tatu ilikuwa gunia la udongo, limesimama kwenye hatua moja tu ya ardhi, ubavuni lina matundu arobaini ya spinachi. Hilo alimpa mke wa mwanawe alitunze.

Spinachi za juu na katikati zikanyauka. Za chini kabisa zikanawiri. Mkwe alieleza kwamba kila jioni humwaga ndoo nzima juu ya mawe yaliyopangwa katikati ya gunia, na maji hutokea kitakoni. Mkunga akamjibu mbele ya wapangaji:

"Mwanangu, gunia halijui kudanganya. Anayedanganya ana miguu miwili."

"Basi liitwe shahidi," akatia chumvi fundi cherehani wa chumba cha mbele.

Wakacheka wote, isipokuwa mkwe. Maneno yakamfikia mumewe, naye akamgombeza. Tangu hapo mkwe hakumwita tena mkunga "mama". Akasema Jumamosi anakwenda kwao, na siku ya kurudi hakuitaja.

Jumatatu hiyo, mkwe akiwa sokoni, mkunga alilipasua gunia ili udongo auhamishie kwenye tuta. Katikati ulikuwa mkavu kama unga. Kisha kisu kikagonga plastiki.

Alilitambua bomba. Gunia likijazwa, bomba husimamishwa katikati, mawe yanatiwa ndani yake na udongo pembeni, halafu linavutwa nje, mawe yabaki yakigusana na udongo na kusambaza maji. Siku alipolijaza gunia hili, aliitwa kwa mzazi mwenye uchungu kabla ya kulivuta bomba. Aliporudi alisahau, akafunika mdomo wa bomba kwa kokoto, akapanda miche. Kila ndoo ya mkwe ilishuka moja kwa moja mpaka chini.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna aliyeona. Akalificha bomba nyuma ya tangi la maji, na mkwe aliporudi akamwambia kwamba gunia lilikuwa bovu.

"Sawa, bibi," mkwe akajibu, akapita na kikapu chake.



Asubuhi yake, wapangaji wakipiga mswaki, alilitoa bomba akaliweka katikati ya ua.

"Ulisema maji yanatoka chini," akamwambia mkwe. "Ulisema kweli. Niliyeacha hili ndani ni mimi, na jana nikalificha. Nisamehe."

Fundi cherehani akatazama miguu yake. Mkwe alikamua nguo aliyokuwa akifua, akaianika, ndipo akasema, "Nimesikia."

Mkunga akainama, akaanza kuokota mawe ya gunia peke yake.