Ukurasa wa Kumsifu Hassina

Zoulikha alikuwa akipokea wagonjwa kwa daktari wa meno mjini Constantine, na wengi waliomzoea pale hawakujua kwamba aliwahi kupiga fidla. Alijifunza usichanani, kwenye chama cha maluf, muziki wa kale wa mji huo, pamoja na Hassina wa mtaani kwao. Walikaa kiti kwa kiti mbele ya Sheikh Tahar, fidla zimesimama magotini. Kisha mama yake Zoulikha akapooza, fidla ikapandishwa juu ya kabati, na Hassina akaendelea peke yake.

Mwaka huu Hassina alirudi kutoka ziara ya ng'ambo, picha zake zikabandikwa hadi kwenye mlango wa mwoka mikate. Chama kiliandaa hafla ya kumpongeza, na Zoulikha akaombwa aandike ukurasa mmoja wa kusomwa ukumbini. Walimwambia, "Nyinyi mmekua pamoja. Nani atamjua kuliko wewe?"

Akakaa jikoni kuandika. Nassima, mdogo wake, alikuwa akichemsha maua ya michungwa juu ya kuni na kukinga maji yake ya manukato tone kwa tone, na nyumba nzima ilinukia. Zoulikha akamsomea alichopata: Hassina ni nyota ing'arayo, fahari ya mji, mwanga wa kizazi.

"Dada, huyo ni Hassina au taa ya barabarani?"

"Wewe nicheke tu."

"Sikucheki. Humo ndani hamna mtu. Andika unachomwazia kweli."

"Hicho hakisomeki mbele za watu."

"Kwani nani kasema kisomwe? Andika, halafu uichome, moto huu hapa."

Zoulikha akachukua karatasi nyingine. Aliandika: *Nina wivu na Hassina.* Akaitazama sentensi ile, akaona haya, akaongeza: *lakini namtakia heri.* Kisha akaikata hiyo ya pili, maana aliijua kazi yake. Ilikuwa pale kumsitiri tu.

Baada ya hapo kalamu ikawa nyepesi. Aliandika kwamba siku Hassina alipokosea mdundo redioni, yeye alikula chakula cha mchana kwa raha. Aliandika kwamba kwa mke wa mwoka mikate alidai Hassina amefika alipo kwa kubebwa na mjomba wake, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama mjomba huyo anajua hata kuitofautisha fidla na gambusi.

Nassima alichungulia begani kwake. "Sasa mtu kaanza kuonekana."

"Mimi, siyo yeye."

"Ndiye huyo. Haya, unataka nini chake hasa? Pesa?"

Zoulikha alifikiri. Pesa, hapana. Safari? Ndege zilimtapisha. Makofi je? Hapo kalamu ilisita, akaandika *kidogo*, akafuta, akaandika *ndiyo, nayataka*. Lakini hata alipoyaandika, aliona maumivu hayajasogea. Akajiuliza jambo jingine: Hassina akinyang'anywa yote kesho, mimi nitashiba? Jibu lilimjia upesi, nalo lilikuwa hapana. Angebaki na njaa ile ile, na Hassina naye hana kitu.

Basi akarudi kwenye picha zote za Hassina alizoziona, moja moja, akitafuta ile iliyomchoma zaidi. Haikuwa ya jukwaani. Ilikuwa ndogo, ya gazetini, ya mazoezini. Hassina ameinamisha kichwa, mvi zimeanza, na Sheikh Tahar, mzee sasa, amemshika kidole kimoja akikisogeza juu ya uzi.

Zoulikha aliandika polepole: *Yeye bado ana mtu wa kumwambia "hapo siyo, rudia." Mimi watu wananiambia asante tu, nami nawaambia keti, ngoja, kesho. Hakuna anayeningojea niwe bora.*

Akaacha kalamu. Nassima hakutania tena. Alimmiminia kahawa, akatia ndani tone la maji ya maua, wakanywa.

Karatasi ile haikuchomwa, wala haikusomwa ukumbini. Hafla ilipofika, Zoulikha alisoma ukurasa mwingine mfupi, juu ya msichana aliyekuwa akibaki darasani kurudia kipande kimoja wakati wenzake, yeye Zoulikha akiwemo, wameshakimbilia mlangoni. Hassina alimshika mkono baadaye. "Nilidhani umesahau."

"Nilikuwa nikikuonea wivu, Hassina. Sasa hivi pia."

Hassina alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sikujua," akasema.

Kabla ya kuondoka, Zoulikha alimfuata Sheikh Tahar alipokuwa akitafuta kofia yake.

"Sheikh, wanafunzi wanaoanza wanakuja lini?"

"Jumanne, baada ya alasiri. Una mtoto wa kuleta?"

"Sina. Nakuja mimi."

Mzee alimtazama vidole kabla ya kumtazama uso. "Vidole hivyo vimekuwa vigumu. Na ulichokosa hakitarudi chote, mwanangu. Nisikudanganye."

"Najua," alisema Zoulikha. "Lakini Jumanne nitakuja."