Mgeni Hukaa Wapi Saa Saba

Kazini walimwita Bi Barua, na jina hilo lilimganda kuliko lile la kwenye kitambulisho chake. Alikuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha kusaga lenzi za miwani, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, asiyependa jambo liende mrama. Likizo, bima, barua za onyo, vyote vilipita mezani kwake. Ila kazi aliyoifanya kwa moyo ilikuwa moja tu: kuandika barua pepe ya kumkaribisha mfanyakazi mpya kabla hajaanza kazi.

Alikuwa na sababu zake. Miaka kumi na mmoja nyuma, alipoajiriwa yeye, aliambiwa kwa simu, "Basi njoo Jumatatu," simu ikakatwa. Akaja. Mlinzi hakuliona jina lake kwenye orodha, akamsimamisha nje ya geti saa nzima na nusu kama mtu aliyekuja kubahatisha kibarua, kumbe kazi anayo. Alipoingia, hapakuwa na meza wala kiti. Akajiambia kuwa, akipata nafasi, hatamwacha mtu mwingine aingie pale kwa kupapasa.

Nafasi aliipata. Barua yake aliituma Alhamisi asubuhi, ili mgeni apate muda wa kuuliza kabla ofisi haijafungwa. Fika saa tatu, aliandika, si saa mbili, kwa kuwa saa mbili msimamizi wako anagawa kazi na utaishia kumsubiri kwenye benchi. Pita geti dogo lililo mkabala na duka la rangi. Lile kubwa ni la malori. Njoo na kitambulisho, vyeti halisi pamoja na nakala, namba ya akaunti ya benki, na jina la ndugu wa kupigiwa simu pakitokea dharura. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Pete na bangili ziache nyumbani, mashine haichagui. Koti na miwani ya kujikinga utapewa hapahapa, na nywila ya kompyuta utapewa mkononi. Mwisho aliandika: "Kama kuna jambo hujalielewa, nijibu. Hakuna swali dogo."

Kabla ya kutuma, alimpelekea mlinzi jina la mgeni na kuhakikisha kwa macho yake limeandikwa. Na wageni wote walijibu vilevile: Asante, nimepata.

Mpaka alipoajiriwa mtunza stoo. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika ghala moja mpaka likafungwa. Jibu lake lilifika mchana uleule.

"Asante kwa barua. Kila kitu nimekielewa, hata duka la rangi nalijua. Nina swali moja, uniwie radhi. Saa ya chakula watu hula wapi, na mgeni hukaa wapi? Kule nilikuwa peke yangu. Nimesahau mambo haya yanavyokwenda."

Bi Barua akaanza kuandika, "Kuna kantini ghorofa ya chini," vidole vikasita. Kantini ile hakuwa ameitia mguu kwa miaka sita. Zamani alikuwa akishuka kama wengine. Lakini yeye ndiye aliyejua nani amepewa onyo na nani mkataba wake haurefushwi, na kila alipovuta kiti, mazungumzo yalikatika, watu wakaanza kusifia hali ya hewa. Hakuna aliyemfukuza. Ni yeye tu aliyeanza kubaki na bakuli lake mezani, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa mazoea. Akiulizwa, alisema kazi zimemzidi.

Akaiacha barua bila jibu, akarudi nalo swali nyumbani.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alisikiliza huku akikunja nguo.

"Mtu mzima akiuliza hivyo, mwanangu, ujue ameshaimeza aibu. Usimjibu kwa mkato."

"Sitamjibu kwa mkato, mama. Sijui tu nimwambie nini."

"Kwani wewe unakula na nani?"

"Nakula, mama."

"Sijauliza kama unakula."

Bi Barua akachukua shuka upande wa pili wakalikunja pamoja.

Ijumaa saa saba alishuka na bakuli lake. Kantini ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita. Wasagaji walijazana dirishani, madereva karibu na mlango, na kila meza ilionekana kama nyumba ya watu yenye wenyewe. Akasimama katikati, bakuli mkononi, hajui pa kuelekea.

"Dada, umepotea njia?" Aliyeuliza alikuwa mkuu wa vifungashio, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Watu wakacheka.

"Nimepotea kweli," akajibu. "Nisogezeeni kiti."

Wakamsogezea. Mara meza ikanyamaza, kama alivyojua itanyamaza. Safari hii hakuingoja hali ya hewa.

"Sikuja na jambo la ofisi," akasema. "Jumatatu anakuja mtunza stoo mpya. Ameniuliza mgeni hukaa wapi saa ya chakula. Mimi sina jibu, ndiyo maana nimeshuka."

Wakatazamana. Msagaji mmoja mwenye mvi aliyeketi nao akaweka kijiko chini. "Ameuliza yeye. Mimi sikuuliza. Mwezi wangu wa kwanza nilikula nimesimama kule kwenye bomba, najifanya naosha bakuli."

"Wewe?" mkuu wa vifungashio akashangaa. "Mropokaji kama wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Haya, akae na sisi," mama yule akasema. "Lakini dada, usimwambie saa saba. Watu wangu wanachukua lenzi stoo mpaka saa saba na nusu, hawezi kufunga mlango mapema. Mimi leo nimewatangulia tu, ila sisi hula zamu ya pili, na hiyo ndiyo yake. Mwambie aniulizie mimi, nitakuwa kwenye meza ya pembeni."

Bi Barua alishtuka. Angejibu akiwa juu, angeandika saa saba, na mtu wa watu angeufunga mlango wa stoo siku yake ya kwanza, kazi ikasimama. Akapanda ofisini, akamwandikia saa, meza, na mtu wa kuulizia, akaongeza: "Umeuliza vizuri. Nimelazimika kwenda kujifunza."

Jumatatu mtunza stoo alifika saa tatu kasoro dakika tano, shati limenyooka kwa pasi, vyeti ndani ya bahasha. Saa saba na nusu alikula na watu wa vifungashio. Hakusema mengi. Siku ya tatu alimsahihisha mtu hesabu ya maboksi, wakabishana, na kufikia Ijumaa walikuwa wanamtania kama mtu wanayemjua tangu zamani.

Barua nayo ikabadilika. Bi Barua aliingiza mstari wa chakula: saa ngapi, meza gani, na nani atakayekungoja, baada ya kumwomba huyo mtu kwanza. Meneja akalalamika kuwa barua imekuwa ndefu. Bi Barua akaifuta aya ya historia ya kampuni, urefu ukarudi palepale.

Yeye mwenyewe mambo hayakumnyookea upesi. Alishuka kila Ijumaa, na kwa wiki nyingi meza ilipoa alipokaa. Hakulaumu mtu, siri za watu alizibeba kweli. Kisha Ijumaa moja dereva mmoja alikuwa akisimulia alivyochelewa asubuhi akapenya kwa miguu geti la malori ili asiandikwe. Katikati ya kisa akamwona Bi Barua, akanyamaza. Akamtazama, yeye na bakuli lake, akajikuna shingo.

Halafu akaendelea na kisa chake mpaka mwisho.